Kucheza Pungufu: Kocha na Wachezaji Kumi Waliobaki

Kanuni za soka zinalieleza jambo hili kwa maneno machache: mchezaji aliyeoneshwa kadi nyekundu baada ya mchezo kuanza huondoka uwanjani, hakuna anayeingia kushika nafasi yake, na timu yake huendelea na waliobaki mradi wasipungue saba. Kinachofuata baada ya hapo hakimo katika kanuni yoyote, nacho ni kazi ya kocha, ambaye kwa dakika mbili au tatu hulazimika kuamua mambo ambayo kwa kawaida angeyapanga kwa wiki nzima. Watazamaji wengi huichukulia timu pungufu kuwa ni timu ile ile ikiwa na mtu mmoja kasoro, kana kwamba kila aliyebaki atalipa deni hilo kwa kukimbia zaidi kidogo. Mtazamo huo unapotosha, kwa sababu upungufu wa mtu mmoja hauenei sawasawa juu ya uwanja, bali hujitokeza mahali fulani, na sehemu kubwa ya ustadi wa kocha ni kuamua mahali hapo pawe wapi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukimwondoa kipa, timu kamili ina wachezaji kumi wa uwanjani na timu pungufu ina tisa. Mpangilio unaochaguliwa mara nyingi ni 4-4-1, yaani mabeki wanne, viungo wanne mbele yao katika mstari wa pili, na mshambuliaji mmoja. Uwanja wa kimataifa una upana wa mita 68 hivi, na watu wanne waliojipanga kwa nafasi ya mita kumi kati ya mmoja na mwenzake wanafunika mita 30 kutoka beki wa kulia hadi wa kushoto. Ukiongeza hatua chache ambazo kila beki wa pembeni anaweza kuzifikia upande wake wa nje, unapata takriban mita 40, ambazo ndizo upana wa eneo la penalti. Haiwezekani basi kuufunga uwanja wote, na wala haihitajiki. Ukuta wa watu wanne hulifunga eneo ambalo mabao mengi hutokea, na zile mita zinazobaki kila upande, karibu na mistari ya pembeni, hukabidhiwa mpinzani kwa hiari, kwa kuwa mtu aliye na mpira pembeni kabisa bado ana safari ndefu kabla ya kuwa hatari.

Mpinzani mwenye akili huuhamisha mpira kutoka upande mmoja hadi wa pili ili ukuta ule uteleze na mwishowe upasuke. Pasi ndefu ya juu inayovuka sehemu kubwa ya upana wa uwanja hukaa hewani sekunde mbili au tatu, na katika muda huo mstari mzima wa watu wanne unaweza kusogea mita kumi na tano, umbali unaotosha kumfikia anayepokea kabla hajageuka. Ndiyo maana uhamishaji mmoja wa mpira hauivunji timu pungufu iliyopangwa vizuri. Kinachoivunja ni uhamishaji wa tano au wa sita mfululizo, pale ambapo mtu mmoja katika mstari anachelewa hatua mbili na pengo la mita kumi linapanuka. Suala la mpangilio na suala la juhudi, ambayo kwa kawaida huzungumziwa kando kando, yanakutana hapo: mpangilio hudumu kwa kadiri tu ya pumzi ya yule anayechoka kwanza.

Upo upande wa pili wa hesabu hiyo usiotazamwa sana, nao unahusu yule mtu mmoja aliyeachwa mbele. Akikaa karibu na mstari wa kati, timu kamili kwa desturi huacha mabeki wawili nyuma kumlinda, mmoja akimkaba na mwingine akiwa tayari kufunika. Timu kamili inabaki na watu wanane wa kushambulia, na timu pungufu, ikimtoa mshambuliaji wake, inabaki na wanane wa kuzuia pamoja na kipa. Upungufu umetoweka katika sehemu ya uwanja inayohusika zaidi. Kwa maneno mengine, mshambuliaji wa peke yake anaweza kuwa na thamani ya watu wawili hata kama hagusi mpira kwa robo saa nzima, mradi mpinzani aamini kwamba mpira ukimfikia atakimbia nao. Siku kocha anapomwondoa ili aongeze beki wa tano, wale wawili waliokuwa wakimlinda wanafunguliwa, na hesabu inarudi kuwa kumi dhidi ya tisa. Makocha wengi wanalijua hilo, lakini hofu ya dakika za mwisho huwafanya wafanye kinyume chake.

Mchezo unaofaa kuchunguzwa kwa ukaribu ni ule wa tarehe 28 Aprili 2010 katika uwanja wa Camp Nou, nusu fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kati ya Barcelona ya Pep Guardiola na Inter Milan ya José Mourinho. Inter ilikuwa imeshinda 3-1 mjini Milan wiki moja kabla. Kwa kuwa wakati huo bao la ugenini lilipewa uzito pale timu zinapolingana kwa jumla ya mabao, kanuni ambayo UEFA iliifuta mwaka 2021, Barcelona ilihitaji ushindi wa 2-0 ili ipite, na Inter iliweza kufungwa bao moja bila kuondolewa. Akiba hiyo ya bao moja ilielekeza kila uamuzi uliofuata, kwani kocha aliye pungufu huku akiongoza hana tatizo sawa na la kocha aliye pungufu huku akitafuta bao.

Katika dakika ya 28, kiungo Thiago Motta, ambaye tayari alikuwa na kadi ya njano, alimsukuma Sergio Busquets kwa mkono usoni wakati akiulinda mpira, na mwamuzi Frank De Bleeckere akamwonesha kadi nyekundu. Busquets aliangukia majani akijishika uso kwa namna iliyozua mabishano yanayoendelea hadi leo, lakini kwa Mourinho mabishano hayo hayakuwa na faida yoyote. Swali lililokuwa mbele yake lilikuwa ni nani atakayesimama karibu na Esteban Cambiasso katikati, mbele ya mabeki, mahali ambapo Lionel Messi na Xavi walipenda kupokea mpira.

Jibu lilikuwa tayari uwanjani. Goran Pandev aliumia wakati timu zikipasha misuli moto, na Mourinho akamwanzisha Cristian Chivu, mtu wa ulinzi kwa asili, katika winga ya kushoto. Baada ya kadi, Chivu aliingia ndani, na Samuel Eto'o akarudi pembeni karibu kabisa na mabeki, akizuia kama beki wa pembeni wa pili. Hakukuwa na mabadiliko yoyote ya wachezaji wakati huo. Uvumilivu huo unastahili kuzingatiwa, kwa sababu kocha anayefanya mabadiliko sekunde ile ile ya kadi mara nyingi hutumia nafasi moja ya thamani kutatua tatizo ambalo wachezaji waliopo wangelitatua kwa kuhamishana. Afadhali kwanza aone mpinzani atafanya nini. Kazi ya dakika za mwanzo ni kuzuia tu mchanganyiko: benchi huonesha vidole kueleza mpangilio mpya, nahodha huitwa pembeni ya uwanja, na mara kwa mara kipa hugundua ghafla kwamba ana maumivu yanayohitaji daktari. Mwamuzi huielewa mbinu hiyo, na mpinzani pia, lakini inafanya kazi.

Inter haikuwa ikijifunza somo hilo kwa mara ya kwanza. Katika mechi ya watani wa jadi ya Milan, Januari mwaka huo huo, Wesley Sneijder alitolewa kwa kadi nyekundu karibu na dakika kama hiyo hiyo, na Inter bado ikashinda 2-0. Mwezi uliofuata, dhidi ya Sampdoria, mabeki wawili wa kati, Walter Samuel na Iván Córdoba, walitolewa wote kabla ya mapumziko, na timu ikamaliza 0-0 ikiwa na watu tisa. Matukio hayo matatu yanafundisha jambo kuhusu nafasi ya aliyetolewa. Anapoondoka kiungo mshambuliaji kama Sneijder, mpangilio wa 4-2-3-1 hugeuka kuwa 4-4-1 wenyewe, mawinga wakirudi hatua chache tu. Anapoondoka kiungo mkabaji kama Motta, katikati pa timu panabaki wazi, na lazima mtu aingizwe ndani kutoka pembeni. Anapoondoka beki wa kati, kwa kawaida hakuna njia ila kumtoa mtu wa mbele na kumwingiza beki, kwa kuwa nafasi hiyo haijazwi kwa kuazima. Mwamuzi huamua nani atoke, lakini kazi ipi itakosekana uwanjani ni uamuzi wa kocha.

Baada ya kadi ya Motta, Barcelona ilimiliki mpira kwa zaidi ya robo tatu ya muda, na Inter haikujaribu kuupokonya. Huo haukuwa unyonge, ingawa wengi waliuita kupaki basi. Kumkimbilia mwenye mpira hufungua nafasi nyuma ya anayekimbia, na timu ya watu kumi haina wa kuiziba, kwa hiyo Inter iliacha pasi za pembeni na za nyuma zipigwe kwa uhuru na ikajali kitu kimoja tu, yaani mtu anayepokea mpira kati ya mstari wa viungo na mstari wa mabeki akiwa ametazama goli. Umbali kati ya mistari hiyo miwili ulikuwa mfupi kiasi kwamba Messi, kila alipogeuka, alikuwa na mtu mbele na mtu mgongoni. Nafasi kubwa ya Barcelona katika kipindi cha kwanza ilitokana na moja ya mara chache ambapo alipata upenyo wa kukata kuelekea katikati, na shuti lake la chini likapanguliwa na kipa Júlio César kwa ncha za vidole.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua, nayo yanasomeka vizuri yakiwekwa pamoja. Dakika ya 66 Sneijder alimpisha Sulley Muntari, yaani mpangaji wa mashambulizi alimpisha kiungo wa nguvu. Sneijder hakuwa amecheza vibaya. Kazi yake ndiyo iliyokuwa imekwisha, kwa sababu hakukuwa tena na mipira ya kupanga. Kosa la kawaida la makocha ni kumtafuta aliyecheza vibaya zaidi, ilhali swali lenye faida ni kazi ya nani haipo tena. Dakika ya 81 Diego Milito, mshambuliaji wa kati, alitoka na Córdoba akaingia, na dakika tano baadaye Eto'o alitoka akiwa amechoka na nafasi yake ikachukuliwa na McDonald Mariga, kiungo wa Kenya aliyekuwa amehamia Inter kutoka Parma mapema mwaka huo.

Kati ya mabadiliko hayo mawili, katika dakika ya 84, Gerard Piqué alifunga. Piqué alikuwa beki wa kati. Alipokea pasi ya Xavi ndani ya eneo la penalti, akazunguka, akampita kipa na beki, na kuutia mpira wavuni kwa utulivu wa mshambuliaji aliyezaliwa na kazi hiyo. Haiwezekani kuthibitisha kwamba kumwondoa Milito ndiko kulikoleta bao, na Guardiola alikuwa ameshaanza kumpeleka beki wake mbele. Hata hivyo ile hesabu ya awali inaonekana hapa waziwazi: mara tu Inter ilipobaki bila mtu wa mbele, Piqué hakuwa na wa kumlinda wala sababu ya kurudi, na eneo la penalti likapata mgeni ambaye hakuna beki aliyekuwa amepangiwa kumkaba. Katika dakika za nyongeza Bojan Krkić alitikisa wavu tena, lakini bao hilo lilikataliwa kwa sababu mpira ulikuwa umemgusa Yaya Touré mkononi kabla ya kumfikia. Inter ikasonga mbele kwa 3-2, na tarehe 22 Mei ikatwaa kombe mjini Madrid kwa kuifunga Bayern Munich 2-0. Tathmini ya haki ni kwamba dakika 50 za mwanzo baada ya kadi zilikuwa mfano bora wa kucheza pungufu, na kumi za mwisho zilikuwa na bahati ndani yake.

Miaka miwili baadaye, katika uwanja ule ule na hatua ile ile, Chelsea ilitoa jibu tofauti kwa swali la mtu wa mbele. Gary Cahill aliumia mapema na José Bosingwa akaingia. Kisha dakika ya 37 nahodha John Terry akatolewa kwa kumpiga goti Alexis Sánchez mgongoni. Kocha Roberto Di Matteo alijikuta amepoteza mabeki wake wawili wa kati. Branislav Ivanović na Bosingwa wakasimama katikati, Ramires akarudi kuwa beki wa kulia, na Didier Drogba akatumia sehemu kubwa ya jioni ile akizuia upande wa kushoto karibu na eneo lake la penalti. Hatari ya mpango huo ilijitokeza mwanzoni mwa kipindi cha pili, pale Drogba alipomkwatua Cesc Fàbregas kwa namna ambayo beki mzoefu asingefanya, na Messi akaipiga penalti ile katika mwamba wa juu. Lakini dakika ya 80 Di Matteo alimtoa Drogba aliyechoka, na badala ya kuongeza beki akamwingiza Fernando Torres, mshambuliaji mwenye miguu mipya. Katika dakika za nyongeza, Barcelona ikiwa imemwaga watu wote mbele, mpira uliobutuliwa kutoka nyuma ulimkuta Torres peke yake katika nusu nzima ya uwanja, naye akampiga chenga kipa na kuufanya mchezo kuwa 2-2.

Kuhusu juhudi, ni vyema kutofautisha kukimbia na kuteleza. Timu pungufu inayojilinda haikimbii mbio ndefu kwa wingi. Inasogea hatua nyingi fupi za pembeni, huku macho yakiwa juu ya mpira na mtu kwa wakati mmoja, na uchovu wake ni wa miguu pamoja na wa akili. Mzigo mkubwa huwaangukia viungo wawili wa pembeni, ambao lazima wamsaidie beki aliye nyuma yao, wazibe ndani mpira unapokuwa upande wa pili, na bado wawe watu wa kwanza wa kumfuata mshambuliaji pale mpira unapopatikana. Wao ndio huvunjika kwanza, na kocha anayetazama jedwali la nani amekimbia kilomita ngapi anaweza asiwaone, kwa kuwa dalili yao haiko katika umbali. Dalili ni winga anayerudi kwa kutembea baada ya mpira kupotea, au anayemwonesha mwenzake kidole badala ya kwenda yeye. Nyingine ni mstari wa mabeki unaozama hadi karibu na goli wakati viungo wamebaki mbele, na katikati yao kukaachwa nafasi ambamo mpinzani anapiga mashuti bila kubughudhiwa. Iliyo mbaya zaidi ni krosi ya chini inayorudishwa kutoka mstari wa goli kuelekea alama ya penalti, kwa sababu inaonesha kwamba pembeni pameshapenywa na kwamba hakuna aliyebaki na pumzi ya kumfuata mtu anayeingia kwa kuchelewa.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2006 mjini Paris ilikwenda hivyo. Kipa wa Arsenal, Jens Lehmann, alitolewa katika dakika ya 18 kwa kumwangusha Eto'o, aliyekuwa Barcelona wakati huo, na kwa kuwa goli halikai bila kipa, Arsène Wenger alilazimika kumtoa Robert Pirès ili Manuel Almunia aingie. Kadi ya kipa hugharimu mara mbili, mtu mmoja uwanjani na nafasi moja ya mabadiliko kati ya tatu zilizoruhusiwa zama hizo. Arsenal ilitangulia kwa kichwa cha Sol Campbell na ikashikilia kwa zaidi ya nusu saa, lakini mabao mawili ya Barcelona, la Eto'o dakika ya 76 na la Juliano Belletti muda mfupi baadaye, yote yalipitia kwa Henrik Larsson, aliyeingia kutoka benchi akiwa na nguvu mpya dhidi ya watu waliokuwa wakiteleza kwa karibu saa nzima.

Pumzi ya timu pungufu haipatikani kwa kumiliki mpira, kwa kuwa mara nyingi haina watu wa kutosha kuumiliki, bali hupatikana mpira unaposimama. Mpira wa kurusha ulio mbali na goli, pigo la goli, au faulo anayoipata mshambuliaji kwa kuukinga mpira kwa mgongo katikati ya uwanja, kila kimoja huipa safu nzima nusu dakika ya kupanda mita thelathini na kuvuta hewa, na ndiyo sababu nyingine ya kutomwondoa mtu huyo wa mbele. Kanuni za karibuni zimebadilisha biashara hiyo pande zote mbili. Mabadiliko matano yanayoruhusiwa sasa yanamwezesha kocha kuwabadilisha viungo wote wa pembeni na bado akabaki na akiba, jambo ambalo Wenger hakuwa nalo Paris, ingawa mpinzani naye anapata watano. Na tangu msimu wa 2025/26, kipa anayeushika mpira kwa zaidi ya sekunde nane huigharimu timu yake kona, adhabu kali mno kwa timu iliyo na mtu mmoja pungufu wa kukaba mipira ya juu, na inayomlazimu kocha kutafuta mapumziko yake mbali zaidi na goli lake.

Mambo yote haya yanahusu timu yenye kitu cha kulinda. Iliyo nyuma kwa bao moja na pungufu kwa mtu mmoja haiwezi kukaa katika 4-4-1 na kusubiri, na hapo kocha huamua muda badala ya eneo: anakaa chini hadi robo saa ya mwisho, akihifadhi miguu ya mawinga wake, kisha anamtoa beki mmoja na kumsogeza mtu wa pili mbele, akijua kwamba dakika hizo anaweza kufungwa la pili. Kufanya hivyo mapema, katika dakika ya 50 kwa mfano, ni kuomba kipigo, kwa kuwa nafasi iliyoachwa nyuma haitazibwa na mtu yeyote kwa dakika arobaini.